Mia Saba na Ishirini Tu

Katika miaka ya Waingereza nilikuwa karani kwenye hazina ya wenyeji mjini Bukoba. Nilikuwa kijana aliyekwisha oa, nimepanga chumba Kashai, na kazi yangu ilikuwa kukagua ankara. Kila aliyeuzia utawala kitu, iwe kuni za jela, chokaa ya kupaka mahakama au kamba za mashua, alileta ankara yake, nayo ilipita mezani kwangu kabla ya kuandikiwa hati ya malipo. Nilijumlisha mistari yote upya. Nilitazama kama aliyepokea mali ametia sahihi nyuma. Mwisho kabisa nilisoma mahali pawili: kiasi kilichoandikwa kwa tarakimu, na kiasi hicho hicho kilichoandikwa kwa maneno. Pale pawili palipopatana, niliweka alama ya wino wa kijani na kuipeleka mbele. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kazi ile. Ilinifundisha kusoma polepole.

Aliyenifundisha ni karani mkuu wetu, mzee mwenye asili ya pwani ambaye babu yake alifika Bukoba na misafara akaoa huku huku. Alivaa kofia nyeupe ya mkono na koti jeusi hata jua likiwa kali. Siku yangu ya kwanza alichukua karatasi tupu, akaandika 1, kisha kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu akaigeuza kuwa 4. Akaandika tena 1, akaigeuza kuwa 7. Akaandika 60, akaongeza duara moja nyuma, ikawa 600.

"Umeona nimetoa jasho?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Sasa andika 'sitini' kwa maneno. Haya, igeuze iwe mia sita."

Nikaitazama sitini yangu. Ningeweza kuifuta tu, na kufuta kungeonekana.

"Ndiyo maana," akasema. "Na maneno yaanze pembeni kabisa, kushoto, pasibaki nafasi ya mtu kuchomeka 'mia' mbele yake. Ukimaliza, andika 'tu'. Baada ya 'tu', piga mstari mpaka mwisho wa nafasi, asije mtu akaongeza 'na tisa' nyuma. Tarakimu ni za kuhesabia. Maneno ni ya kulinda."

Nilidhani nimeelewa yote. Kumbe nilikuwa nimeelewa habari ya wezi peke yake.

Ankara ninayotaka kuisimulia ilitoka Muleba. Ililetwa na fundi seremala aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Baba alipofariki, mzee huyu ndiye aliyenifuta machozi, na jioni, kwenye baraza la karakana yake, katikati ya maranda ya mbao, ndiye aliyenifundisha kuandika, herufi za dini na hizi za kawaida, mimi na watoto wengine wa kijijini. Nilimwita Tata, yaani baba, kama tunavyosema kwa Kihaya. Alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza madawati arobaini ya shule ya utawala kule Muleba, mbao za mvule, shilingi kumi na nane kila dawati.

Fedha ile alikuwa amekwisha iwekea nia. Waislamu wa kijiji chetu walikuwa wachache, na kwa miaka walisali katika kibanda cha nyasi. Mwaka ule walijenga kuta za msikiti kwa matofali mabichi, yaani udongo usiochomwa, maana kuchoma kulihitaji kuni ambazo hawakuwa nazo. Tata aliahidi mabati. Alikwenda kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi mjini, akachagua mabati, wakakubaliana yawekwe kando mpaka madawati yalipwe. Kuta zikasimama bila paa, zikisubiri.

Tatizo ni kwamba ilikuwa Desemba. Aliyezaliwa Bukoba hahitaji kuelezwa. Mvua inatoka ziwani alfajiri, inapiga, inaondoka, inarudi. Tofali bichi linavumilia manyunyu. Mvua ya kweli likiipata bila kofia, linayeyuka kama sukari guru.

Na kulikuwa na jambo la pili. Vitabu vya hazina vilifungwa mwaka ulipokwisha. Fedha ya madawati iliyokuwa katika makadirio ya mwaka ule, isipolipwa kabla ya kufunga, ilirudi, na mwenye kudai alisubiri makadirio ya mwaka mpya yapitishwe. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika yangepitishwa mwezi gani. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana.

Ankara ya Tata ilinifikia Alhamisi, katika kifurushi kilicholetwa na tarishi. Niliutambua mwandiko wake kabla sijasoma jina la mahali. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hii nitaisukuma leo leo.

Nikageuza nyuma kwanza. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa ameandika kwamba amepokea madawati arobaini, na kwamba mawili yamepasuka ubao wa juu lakini yatafaa kuwekea vitabu. Sahihi ipo, tarehe ipo. Nikageuza mbele. Madawati arobaini, mapatano shilingi kumi na nane kila moja. Chini yake, upande wa tarakimu, Shs. 684/-. Chini kabisa, kwa maneno makubwa mazuri yaliyoanza pembeni kushoto kama inavyotakiwa: *Shilingi mia saba na ishirini tu.*

Nikasoma tena. Arobaini mara kumi na nane ni mia saba na ishirini. Maneno yalikuwa sawa na hesabu ya madawati. Tarakimu zilipungua kwa thelathini na sita, na hakuna mstari hata mmoja uliosema thelathini na sita zimekwenda wapi.

Mwenzangu tuliyekaa naye meza moja alikuwa kijana wa Maruku, Mkatoliki, mcheshi, aliyekuja kazini kwa baiskeli kila asubuhi huku suruali imefungwa kamba kifundoni. Siku zile alikuwa bado ana furaha ya Noeli, na mezani kwake palikuwa na senene, wale panzi wa msimu, wa kukaanga kwenye kipande cha jani la mgomba. Aliniona naigeuza karatasi ile ile mbele na nyuma.

"Kuna nini? Umeona jina lako kwenye orodha ya wadaiwa?"

Nikampa karatasi. Akaisoma huku akitafuna.

"Huyu si yule mzee wako wa msikiti?"

"Ndiye."

"Basi hii ni kazi ya dakika moja. Kata hayo maneno, andika mia sita themanini na nne. Mwandiko wako na wake ni ndugu, si ndiye aliyekufundisha?"

"Siwezi."

"Au acha maneno, geuza tarakimu. Hiyo sita ni rahisi..."

"Siwezi, bwana."

"Haya, mtakatifu. Basi tulipe ile ndogo. Serikali itapata hasara gani ikilipa ndogo?"

Swali hilo la mwisho lilinisumbua. Nilijua tu kwamba kalamu yangu haikuwa na ruhusa juu ya karatasi ya mtu mwingine. Na nitasema kweli, nilimkasirikia Tata. Nilimwona akilini mwangu ameinama juu ya meza yake ya kazi, ameweka penseli sikioni, anaandika mambo mawili tofauti kwenye karatasi moja kwa utulivu kabisa, wakati mawingu yamekaa juu ya kuta zake.

Nikaipeleka kwa karani mkuu. Aliivalia miwani, akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akarudi mbele.

"Irudishwe kwa mwenyewe," akasema.

"Mzee, leo Alhamisi."

"Naijua Alhamisi."

"Mwenzangu anauliza, kwa nini tusilipe iliyo ndogo?"

Akanitazama juu ya miwani. Alijua swali lilikuwa langu pia.

"Tukilipa mia sita themanini na nne, karatasi iliyobaki kwenye faili letu inasema kwa maneno kwamba tulidaiwa mia saba na ishirini. Mwakani akija mrithi wake, au yeye mwenyewe akiwa amesahau, akadai thelathini na sita zilizobaki, utamwambia nini? Utamwonyesha nini? Na tukilipa mia saba na ishirini, mkaguzi atauliza kwa nini tumempa mtu zaidi ya tarakimu alizoandika kwa mkono wake. Hundi ya benki ikiwa na tofauti, sheria inaangalia maneno. Lakini hii si hundi. Hii ni mtu anatuambia anadai kiasi gani. Akisema viwili, hajasema bado. Sisi hatuchagui kwa niaba yake."

"Na mvua, mzee?"

Nilikuwa nimemwambia habari za kuta. Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti.

"Mvua ni ya Mungu, na ankara ni ya fundi," akasema kwa upole. "Mpelekee habari haraka. Akifika hapa kabla ya Jumamosi saa sita na kalamu yake, nitakaa dirishani mwenyewe."

Nilikimbia mpaka kwenye maghala ya kahawa karibu na gati. Lori moja lilikuwa limeshusha magunia na linarudi Muleba. Nilimwomba dereva amfikishie fundi maneno haya: ankara ina tatizo, njoo wewe mwenyewe na usitume mtu, njoo na kalamu ile ile. Dereva akayarudia mara mbili kuhakikisha, kisha akauliza kama fundi amekwisha fungwa au bado. Nikamwambia hakuna wa kufungwa. Akaonekana amesikitika kidogo, maana angekuwa na habari ya kupeleka njiani.

Ijumaa nilisali msikitini mjini, nikamwomba Mungu azuie mvua. Baada ya sala, mvua ikanyesha. Nilisimama kibarazani nikiitazama inavyoruka kwenye mchanga, na nikajifunza tena kitu nilichokuwa nimefundishwa utotoni, kwamba dua si amri.

Tata alifika Jumamosi asubuhi, tope mpaka magotini. Lori lilikuwa limekwama baada ya Muhutwe, abiria wakashuka kusukuma. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, iliyokuwa imegeuka rangi ya udongo tangu kiunoni, na mkononi ameshika kalamu, ameifunga kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba yai.

"Kasinge, Tata," nikamsalimu.

"Mpora, mwanangu. Nimeambiwa kalamu yangu imefanya kosa, nikaileta yenyewe ijitetee."

"Kuta zikoje?"

"Jana zilikuwa zimesimama. Leo sijui. Niambie la hapa kwanza."

Nikampeleka dirishani kwa karani mkuu. Wazee wawili wakaamkiana kwa kirefu, wakaulizana watu wa nyumbani, afya, mashamba, kana kwamba saa ya ukutani haikuwepo. Mimi nilikuwa nayo machoni. Mwishowe karani mkuu akaisukuma ankara mbele yake.

"Fundi, unatudai kiasi gani?"

"Mia sita themanini na nne."

"Hapa umeandika mia saba na ishirini."

"Ndiyo, hayo ni maneno." Tata alisema hivyo kama anayemweleza mtoto kwamba hiyo ni randa na ile ni patasi. "Maneno ndiyo mapatano. Nilipatana na mwalimu mkuu, mbele ya watu, kwa kinywa changu, mia saba na ishirini. Siwezi kuandika mapatano mengine ambayo hatukupatana. Lakini madawati mawili mbao zake hazikukauka vizuri, zikapasuka. Mwalimu alisema si kitu. Mimi nasema ni kitu. Siwezi kujenga msikiti kwa mbao zilizopasuka. Nikaziondoa kwenye hesabu. Kwa hiyo hesabu nikaiandika kwa tarakimu. Maneno yanasema nilichoahidi, tarakimu zinasema ninachostahili. Vyote ni kweli."

Nyuma yangu mwenzangu wa Maruku aliguna. Siku mbili nilikuwa nimemkasirikia mzee kwa uzembe, na kumbe hakukuwa na uzembe hata kidogo. Alikuwa ameandika kweli mbili kwa uangalifu, akaziweka mahali ambapo ofisi inataka kweli moja.

Karani mkuu hakucheka. Aligonga meza kwa kidole.

"Fundi, wewe unajua mambo ya ushahidi kuliko mimi. Mtu akidai mbele ya kadhi, anahitaji mashahidi wangapi?"

"Wawili."

"Wa kwanza akisema, 'Nilimwona akitoa ng'ombe,' na wa pili akisema, 'Nilimwona akitoa mbuzi.' Wote waadilifu, wote wasema kweli, maana yule alikuwepo siku moja na huyu siku nyingine. Kadhi atahukumu nini?"

Tata akainamisha kichwa. "Hawezi kuhukumu. Kila mmoja ni shahidi peke yake. Dai halikuthibiti."

"Basi. Karatasi hii ina mashahidi wawili, tarakimu na maneno. Wameitwa kwa jambo moja tu, nalo ni: fundi anadai kiasi gani. Hawakuitwa kueleza aliahidi nini. Wewe umemtuma mmoja akaseme ng'ombe na mwingine akaseme mbuzi."

Tata aliitazama karatasi muda mrefu. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati la ofisi, na sote tuliisikia.

"Na mapatano yangu?" akauliza. "Yataonekana wapi? Sitaki watu waseme fundi yule alipunguza bei kwa sababu aliiba mwanzoni."

"Yataonekana hapa." Karani mkuu akaweka kidole katikati ya ankara, kwenye nafasi tupu chini ya mstari wa madawati. "Andika: jumla ya mapatano, mia saba na ishirini. Mstari wa pili: toa madawati mawili yaliyopasuka, thelathini na sita. Kila mtu atasoma. Kisha ile jumla ya mwisho, hiyo ndiyo waiseme mashahidi wote wawili kwa mdomo mmoja."

"Kumbe kuna mahali pake," Tata akasema polepole.

"Kila kitu kina mahali pake, fundi. Hata dawati lina mahali pa kuwekea wino."

"Si nianze karatasi mpya, iwe safi?"

Hapo nikaingilia, maana hilo nilikuwa nimelifikiria usiku kucha. Sahihi ya mwalimu mkuu ilikuwa nyuma ya karatasi hii. Karatasi mpya ingehitaji sahihi mpya, na mwalimu alikuwa Muleba. Karani mkuu akakubali. Maandishi ya mwalimu yenyewe yalitaja madawati mawili yaliyopasuka, kwa hiyo sababu ya kupunguza ilikwisha thibitishwa na mtu mwingine. Irekebishwe hii hii, mbele yake, kwa mkono wa mwenyewe.

"Usifute," akamwambia. "Usikwangue kwa wembe. Piga mstari mmoja juu ya maneno ya zamani, yaendelee kusomeka. Asiyeficha kitu hafuti. Kisha andika mapya juu yake, na utie sahihi yako pembeni, nzima, kama ile ya chini."

Tata akafungua kitambaa, akatoa kalamu. Akasema *Bismillahi*, nami nikaisema naye kimoyomoyo. Kwanza akaandika ile mistari miwili katikati. Kisha akapiga mstari juu ya mia saba na ishirini, taratibu, ukanyooka kama wa rula, maana mkono wake ulikuwa umezoea kuchora mbao. Juu yake akaandika: *Shilingi mia sita themanini na nne tu.* Akapiga mstari baada ya 'tu'. Pembeni akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kama ile ya chini.

"Soma," karani mkuu akaniambia.

Nikasoma tarakimu kwa sauti. Nikasoma maneno kwa sauti.

"Wamesema jambo moja?"

"Jambo moja, mzee."

"Tia kijani chako."

Niliandika hati ya malipo pale pale nimesimama. Karani mkuu mwenyewe akaibeba hadi kwa Bwana Shauri, Mwingereza aliyeidhinisha malipo, akarudi nayo ina sahihi. Keshia alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake ya kutokea. Akaivua. Akahesabu noti mara mbili, Tata akazihesabu mara moja, akatia dole gumba na sahihi. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza kidogo sana kufika sita.

"Sasa nyinyi wawili poteeni," mwenzangu wa Maruku akatuambia, akinitia mkononi jani lake la mgomba na senene waliobaki. "Kuleni njiani. Na msikiti ukianguka, msije mkasema ni Mkatoliki aliyewachelewesha. Mimi nilitaka kumaliza tangu Alhamisi."

"Ulitaka kunimaliza mimi," nikamjibu, akacheka mpaka akashika meza.

Mwenye duka alitutolea mabati bila maneno mengi. Dereva yule yule alikuwa akirudi, akakubali kutubeba na mzigo. Tukakaa juu ya mabati, mimi na Tata, turubai vichwani. Njia yote mvua ilitupiga na kuacha, ikatupiga na kuacha. Tata alikula senene mmoja mmoja. Mara moja tu, karibu na Muhutwe, alisema kana kwamba anaongea na barabara, "Miaka yote nilidhani sehemu ni mbili kwa sababu Wazungu wanapenda kuandika. Kumbe ni mashahidi."

Tulifika jua likiwa bado lipo kidogo. Tangu mbali niliona kitu kisicho cha kawaida juu ya kuta: rangi ya kijani, na chini yake rangi ya kahawia. Tulipokaribia nikaelewa. Majirani zetu Wakatoliki walikuwa wametoka vibanjani mwao, kwenye mashamba yao ya nyumbani, na majani ya migomba, na mikeka yao ya kuanikia kahawa, wakafunika kuta kuanzia juu hadi chini. Mama mmoja jirani, mjane mwenye sauti kubwa, alikuwa amekaa juu kabisa ya ukuta, miguu inaning'inia, amekalia mkeka usichukuliwe na upepo.

"Waitu!" akapaza sauti alipomwona Tata. "Umekwenda mjini kununua mabati au kuyafua? Nimekaa juu ya msikiti wako tangu asubuhi. Padri akinisikia atanipa kitubio cha wiki nzima!"

"Shuka, mama," Tata akamwambia. "Shuka, wakola, asante. Mungu akulipe."

"Nishuke na nani ashike mkeka?"

Wakacheka wote waliokuwa pale. Tata hakucheka. Alikuwa anazunguka kuta, anaweka kiganja kila mahali. Tatu zilikuwa nzima. Ya nne, upande wa kaskazini, kona ya juu ilikuwa imelainika na kuporomoka kabla mikeka haijafika, kiasi cha mikono miwili. Aliiwekea kiganja muda mrefu, kisha akageuka akaniambia niwashushie watu mabati.

Mungu alitupa Jumapili kavu. Waislamu wote wa kijiji walikuwa juu ya boriti tangu alfajiri, na majirani zetu walikuja baada ya misa. Ile kona tuliijaza udongo na mawe, tukaipandisha vivyo hivyo. Haikunyooka. Hata sasa, baada ya kuta kupigwa lipu na paa kubadilishwa, mtu akisimama safu ya mbele upande wa kaskazini anaona ukuta umejikunja kidogo pale juu. Mimi napenda kusali upande ule.

Baadaye, nilipoacha kazi ya hazina na kurudi kuishi kijijini, waumini walinipa kazi ya kutunza hesabu za msikiti. Mlango wa kwanza wa kweli ulitengenezwa na Tata, mvule iliyokauka vizuri, bila ufa hata mmoja. Alipoumaliza, aliniletea ankara. Nilishangaa, kwa sababu nilidhani mlango ni zawadi. Nikaifungua mbele yake.

Mstari wa kwanza ulisema mlango mmoja na fremu, na bei yake kamili, bei ya haki. Mstari wa pili, katikati, mahali pake, ulisema: toa sadaka ya fundi, kiasi kile kile. Chini, upande wa tarakimu, aliweka duara moja, na pembeni yake /-. Na kwa maneno, kuanzia kushoto kabisa, aliandika: *Hakuna shilingi hata moja tu.* Baada ya 'tu' alipiga mstari, mrefu, mpaka ukingo wa karatasi.

"Soma," akaniambia. "Wamesema jambo moja?"

Nikasoma duara lile. Nikasoma maneno.

"Jambo moja, Tata."

"Basi tia kijani chako," akasema, akaenda kujaribu bawaba.